Mkono wa Pasi na Pedi Iliyojivuta

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini, mtaani, hata nyumbani kwake, aliitwa Pasi, na waliomwita hivyo walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kazi: miaka kumi na moja alikuwa akipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka, foronya na makoti meupe ya wapishi. Ya pili ni hasira. Alikuwa mwepesi wa kupata moto na mzito wa kupoa, na aliyemgusa kabla hajapoa alijua mwenyewe alichokutana nacho.

Mashine ya pasi ya mvuke aliyokuwa akiitumia ilikuwa na mfuniko mzito unaoshushwa kwa kukanyaga pedali. Mfuniko ule ulianza kushuka bila kukanyagwa. Pasi alimwambia msimamizi mara mbili. Mara ya kwanza msimamizi alisema atamwita fundi, mara ya pili akasema amekwisha kumwita. Asubuhi moja, Pasi akiwa ananyoosha kola ya koti, mfuniko ulishuka juu ya mkono wake wa kulia. Vidole vinne vilipona. Gumba lilibaki limesimama kama kigingi, halikunjiki, halisikii moto wala baridi. Katika ripoti msimamizi aliandika maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi. Pasi alihamishiwa kwenye meza ya kukunja taulo, na maneno yale matatu akayabeba kifuani kama mtu aliyemeza jiwe.

Basi alikuwa na wifi yake, mdogo wa mumewe, mpokezi wa wagonjwa katika zahanati. Alikuwa mwanamke wa maneno machache anayecheka kwa mabega, bila sauti. Kwa miaka mingi walikuwa mawifi wa kawaida: huyu akisema chumvi imezidi, yule anauliza aliyezidisha chumvi ni nani, na kila mmoja akirudi kwake ana hadithi ya kumsimulia kaka au mume. Baada ya ajali, wifi alianza kuja kila jioni kufua nguo za nyumba nzima. Hakusema pole hata mara moja. Alifua, akaanika, akaenda zake. Pasi hakujua amshukuru vipi, kwa hiyo alimkosoa namna anavyoanika.

Katika zahanati ile kulikuwa na mtaalamu wa viungo, naye alimwambia wifi kwamba mkono ule usipopata kazi ya kuufurahisha utakakamaa wote. Mazoezi ya kubonyeza mpira Pasi aliyaacha siku ya tatu, akisema yeye si mtoto wa chekechea. Ndipo wifi akampeleka ukumbi wa gemu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la viatu, meza sita, runinga sita, viti vya plastiki, na feni moja iliyogeuza shingo kana kwamba inatafuta mtu. Jumamosi mchana ulijaa vijana wa gemu ya mpira. Wanawake wawili waliokwisha kupita miaka thelathini walipoingia, watu waligeuka kutazama, kisha wakarudi kwenye mabao yao. Mwenye ukumbi, mtu mnene mpole wa maneno, aliwapa meza ya nne, kule mwisho karibu na stoo.

Wifi alichagua gemu ya wapanda mlima wawili, mwekundu na wa bluu, waliofungwa kamba moja kiunoni. Unawaona kutoka ubavuni, wanapanda kutoka ukingo hadi ukingo. Mmoja akiruka, mwingine lazima asimame imara na kushikilia kamba. Akisogea ovyo, wote wawili wanaanguka bondeni. Gemu nyepesi kuieleza, ngumu kuicheza.

Tatizo lilikuwa gumba. Kwenye pedi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, kijiti cha kushoto kinaongozwa na gumba la kushoto, nacho ndicho kinachomtembeza mpandaji. Hilo Pasi aliliweza. Lakini kuruka na kushika kamba vilikuwa kwenye vile vitufe vinne vya upande wa kulia, vinavyotaka gumba la kulia. Pasi alijaribu kuvibonyeza kwa kifundo cha kidole, mpandaji wake akaruka pasipotakiwa, naye Pasi akataka kuondoka. Wifi hakubishana naye. Alimwita mwenye ukumbi afungue mipangilio, maana aliifunga kwa namba za siri ili wateja wasiichezee, kisha wifi akahamisha kazi za vitufe: kuruka kukaenda kwenye kitufe cha begani kushoto, kushika kamba begani kulia, pale vidole vya shahada vinapolala vyenyewe. Gumba bovu likabaki limeegemea pedi bila kazi, kama mgeni aliyeambiwa apumzike.

Siku hiyo walipanda ukingo wa tatu. Jumamosi iliyofuata wakafika wa tisa. Pasi akaanza kukunja taulo kazini huku vidole vyake vya shahada vikibonyeza hewa. Mwezi wa nne tangu waanze kucheza, mwenye ukumbi alipobandika tangazo la mashindano ya wawili wawili katika gemu ile ile, Pasi alikuwa wa kwanza kuandikisha: yeye na wifi yake.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Pasi alizoea pedi nyeusi, wifi akatumia ya kijivu iliyoletwa meza yao hivi karibuni. Jumamosi moja, zilipobaki wiki mbili, mpandaji mwekundu, yule wa wifi, alianza utundu. Pasi yuko hewani, ameruka, anahitaji mwenzake asimame. Mwekundu anapiga hatua moja kulia, mbili, anateleza ukingoni, kamba inamvuta bluu, wote chini. Mara ya kwanza Pasi alicheka. Mara ya tano hakucheka. Kila mara wifi alisema hajagusa kitu, na kila mara alipokizungusha kijiti kidogo, mwekundu alitulia kwa dakika chache, jambo lililomfanya Pasi aamini zaidi kwamba akitaka kutulia anaweza.

Walianguka mara kumi na mbili mchana ule. Ya kumi na mbili walikuwa wamebakiza ukingo mmoja. Pasi aliweka pedi mezani taratibu, na waliomfahamu wangejua kwamba utaratibu ule ni wa mtu anayezuia mlango kwa bega.

"Kama umechoka kumbeba kilema, sema," alimwambia. "Usiniangushe kwa makusudi mbele za watu."

Wifi aliweka pedi ya kijivu mezani. "Wifi, sijagusa."

"Mimi pia niliambiwa nilikanyaga pedali. Najua watu wanavyosema kukwepa lawama."

Hayakuwa maneno ya kuelekezwa kwa mtu aliyemfulia nguo miezi mitano, na Pasi alilijua hilo hata yakiwa bado mdomoni. Lakini neno likishatoka halina mwenyewe wa kulirudisha. Wifi alichukua mkoba wake akaondoka. Jioni ile hakuja kufua, wala iliyofuata. Mume alipouliza kulikoni, Pasi alimjibu kwamba amuulize dadake anayejua kusukuma watu. Mume alikwenda, akarudi, akasema dada yake hana la kusema. Pasi akafua mwenyewe kwa mkono mmoja na nusu, na kila shati alilokamua alilikamua kama shingo.

Jumamosi iliyofuata alikwenda ukumbini peke yake. Alijiambia anaenda kujiandikisha na mwenza mwingine. Ukweli ni kwamba alienda akitarajia kumkuta wifi pale, ili amnunie uso kwa uso. Hakumkuta. Pedi nyeusi ilikuwa imepelekwa meza nyingine, imebaki ya kijivu tu. Mwenye ukumbi alimuwekea gemu ya mtu mmoja, mpandaji mmoja na mwamba, akarudi kaunta kwake.

Pasi alipanda kingo mbili. Mkono ukaanza kuuma, akaiweka pedi mezani, akaanza kulikanda gumba kama mtaalamu wa viungo alivyomwelekeza. Macho yalikuwa kwenye gumba. Aliponyanyua kichwa, mpandaji alikuwa akitembea.

Alitembea polepole, kwa adabu, kuelekea kulia. Pedi imelala mezani. Hakuna aliyeigusa. Alifika ukingoni, hakusita, akaanguka bondeni.

Pasi aliacha kulikanda gumba. Gemu ikamrudisha mpandaji mahali pake. Akasimama kidogo, kisha akaanza tena ile safari yake ya kulia. Akaanguka. Mara ya tatu Pasi alimtazama mwanzo hadi mwisho, na mwili wote ukawa wa moto kuanzia nyayo. Moto wa kwanza ulikuwa wa aibu, nao ulimchoma mwenyewe. Wa pili alikuwa na mahali pa kuupeleka.

Alichomoa pedi, akaenda nayo kaunta. Alimwambia mwenye ukumbi kwamba pedi inajivuta, kijiti cha kushoto kinasogeza mtu bila kuguswa, na kwamba imewaangusha yeye na wifi yake Jumamosi nzima iliyopita. Mwenye ukumbi hakuitazama pedi. Alitazama mkono.

"Mama, tusilaumu vyombo," alisema kwa upole. "Ni huo mkono. Gumba lako linaegemea bila wewe kujua."

Vijana wa meza ya kwanza walisimamisha mpira wao.

Pasi hakupaza sauti. Alimwambia achomeke pedi ile kwenye runinga ya kaunta na awashe gemu. Alipochelewa, Pasi alizunguka kaunta akaichomeka mwenyewe. Mpandaji alipotokea, aliiweka pedi katikati ya kaunta, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono yote miwili juu, mzima na mbovu.

"Sasa hesabu mikono iliyoigusa," alisema.

Mpandaji alisimama. Kwa pumzi moja Pasi aliogopa, maana ugonjwa ule huja na kuondoka. Kisha mpandaji akanyanyua mguu. Akatembea hatua saba mbele ya watu kumi na wanne, akaanguka.

Kijana mmoja wa meza ya kwanza akasema, bila kuulizwa, kwamba pedi hiyo hata kwao ilikuwa inajivuta, na walishamwambia mwenye ukumbi mwezi uliopita. Mwingine akaongeza kwamba ndiyo maana ilihamishiwa meza ya nne.

Pasi aligeuka. "Uliihamishia kwetu ukijua?"

Mwenye ukumbi alifuta kaunta iliyokuwa safi. Akaeleza kwamba vijana wa mpira ndio wateja wa kila siku, nao ndio waliomwomba apunguze dedizoni. Ninyi, alisema, mnakuja kupoteza muda tu, nilidhani haitawasumbua.

Dedizoni, kwa wasioijua, ni kiasi ambacho kijiti kinaruhusiwa kusogea kabla gemu haijakihesabu kuwa kimesukumwa. Ikiwa kubwa, kijiti kinakuwa kizito cha kuitika. Ikiwa ndogo, mtikisiko wa nywele unatosha. Vijana walitaka wepesi, akawawekea ndogo sana katika gemu zote, tatu katika kipimo cha hamsini. Pedi mpya ingevumilia. Ya kijivu ilikuwa na kijiti kilichochakaa ndani, hakirudi tena katikati sawasawa kikiachwa, na kwa dedizoni ya tatu ule upungufu mdogo ulitosha kumtembeza mtu mpaka bondeni.

Pasi aliyasikia yote. Mkono wake mzima ulikuwa umeishika pedi, na kwa sekunde moja kila mtu pale alijua inaelekea ukutani. Hakuitupa. Aliwaza kwamba akiitupa, kesho itasemwa kwamba yule mwenye hasira ndiye aliyeivunja, na itaandikwa mahali: uzembe.

Alimtaka afungue mipangilio. Akafungua. Kulikuwa na ukurasa wa kupima vijiti: duara na nukta ndani yake. Nukta ya kijiti cha kulia ilikaa katikati. Ya kushoto ililala pembeni kidogo, ikitetemeka, na namba chini yake ikacheza kati ya kumi na moja na kumi na nne. Pasi alimwambia apandishe dedizoni hadi kumi. Mpandaji bado alijivuta. Hadi kumi na nne: akasimama, kisha baada ya muda akapiga hatua moja ya wizi. Hadi kumi na nane. Walisubiri dakika nzima kwa saa ya ukutani, na mpandaji hakusogea.

"Iache hapo," Pasi alisema. "Na kabla ya mashindano, badilisha hiyo pedi."

Akasema atabadilisha. Pasi alikwisha kuisikia sauti ile mahali pengine, kuhusu fundi aliyekwisha kuitwa.

Kuutoa moto wa pili kulikuwa rahisi. Wa kwanza, ule wa aibu, ulikaa naye Jumapili nzima. Alijaribu kumtuma mumewe, mume akakataa, akasema hiyo si barua, ni domo lake mwenyewe. Jumatatu Pasi aliomba ruhusa kazini, akaenda zahanati, na kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kufika kwenye dirisha la mpokezi, alipanga foleni na wagonjwa. Mbele yake alikuwako bibi mwenye kikohozi, nyuma yake baba mwenye mtoto analia. Alisimama nusu saa akipanga maneno, na kila aliyeondoka dirishani aliondoka na sentensi moja ya Pasi.

Zamu yake ilipofika, wifi alinyanyua macho, akaona ni nani, akachukua kalamu.

"Tatizo lako ni lipi?"

"Pedi inajivuta," Pasi alisema. "Haikuwa wewe."

"Nilikwambia sijagusa."

"Uliniambia."

"Hukuniamini."

Bibi mwenye kikohozi alikuwa amerudi kuulizia chumba cha maabara, na sasa alisikiliza kwa makini yasiyo ya mtu aliyekuja kwa ajili ya kifua. Hatimaye Pasi alisema, "Nilikukosea, wifi," kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba mguuni.

Wifi aliandika kitu kwenye daftari, labda si kitu chochote. Akamwambia akae kwenye benchi asubiri foleni iishe. Foleni iliisha saa saba. Walikwenda pamoja mpaka kituo cha basi bila kuzungumza mengi, na jioni ile wifi alikuja kufua. Aliupanga mstari wa kuanikia namna Pasi alivyokuwa akimkosoa siku zote. Pasi hakujua kama ni amani au ni kejeli, akaona heri asiulize.

Jumamosi ya mashindano ukumbi ulifurika. Walikuwa jozi nane, mbili mbili zikishindana kupanda, na itakayoanguka kwanza imetoka. Msimamizi wa siku hiyo hakuwa mwenye ukumbi. Alikuwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi mwenye miwani na saa ya kupimia kwenye kamba shingoni, ambaye jozi zote zilimkubali kwa kuwa hacheki na mtu. Pasi alikwenda moja kwa moja meza ya nne. Pedi ya kijivu ilikuwa pale pale. Mwenye ukumbi alisema mpya zimechelewa njiani. Pasi alimtazama mpaka akaenda kutazama feni.

Raundi ya kwanza dedizoni ya kumi na nane ilishika. Mpandaji mwekundu alisimama kama nguzo, bluu akaruka, wakawashinda ndugu wawili wa duka la simu. Raundi ya pili, baada ya ukingo wa tano tu, mwekundu akapiga hatua kulia. Wifi aliinua gumba lake kutoka kwenye kijiti ili Pasi aone. Safari hii hakuhitaji kusema lolote. Pasi aliruka kutoka kitini akaita msimamizi.

Mwenye ukumbi alifika kabla ya fundi. Alisema mchezo uendelee, mipangilio imefungwa kwa wote, haki ni haki, na akibadilishia mmoja wengine nao watataka.

"Haki ipi?" Pasi aliuliza, na sasa sauti ilipanda. "Wenzetu wanacheza na mlima. Sisi tunacheza na mlima na wewe."

Fundi alisimamisha saa. Alisema kwa ufupi kwamba chombo kikiharibika muda hausogei, wana dakika tano za kurekebisha, na mwenye namba za siri azitoe. Mwenye ukumbi akazitoa.

Ukurasa wa duara ulifunguliwa. Nukta ya kushoto ilikuwa imekimbia mbali zaidi. Mchana mzima wa kusukumwa ulikuwa umekichosha kijiti. Namba ilifika thelathini na moja. Fundi alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, kwamba wakiweka dedizoni thelathini na tano mwekundu atatulia, lakini katika gemu hii kijiti kitalala usingizi zaidi ya nusu ya safari yake, na kikiamka kitaamka na mwendo mkubwa. Hatua ndogo hazitakuwepo. Na mbele yao kulikuwa na daraja la mbao zilizooza, linalovukwa kwa hatua ndogo tu.

Pedi nzima nyingine hazikuwepo, zilizo nzima zilikuwa mikononi mwa wachezaji, na zilizobaki nazo zilijivuta. Wifi aliipima pedi nyeusi kwa macho, kisha ile ya kijivu, kisha akasema polepole kwamba kijiti cha kulia ni kizima.

Ndipo wakaona njia. Kazi za vijiti zibadilishwe: kutembea kuende kulia, kijiti cha kushoto kibaki na kazi ya kusogeza picha tu, na kipewe dedizoni ya arobaini kisimsumbue mtu. Pasi asingeweza, maana kulia ndiko liliko gumba lililokufa. Wifi aliweza. Ila gumba la kulia likishika kijiti, haliwezi tena kubonyeza vitufe vya kuruka na kushika kamba.

"Viweke begani," Pasi alisema. "Kama vyangu."

Dakika mbili na nusu zilikuwa zimekwisha. Fundi alibadilisha, wifi akajaribu. Mwekundu alikwenda sawa, kisha akaruka badala ya kushika kamba. Miaka yote vidole vyake vya shahada vilikuwa vimelala, sasa vimeamshwa na kupewa kazi mbili. Pasi alivuta kiti chake mpaka magoti yakagusana, akalaza vidole vyake juu ya vya wifi yake. Alimwambia asitazame pedi, kushoto ni kuruka, kulia ni kushika. Kushoto miguu, kulia mikono. Aseme moyoni kabla ya kubonyeza. Hakuwahi kumfundisha mtu kitu kwa subira namna ile, na hata pale subira yenyewe ilikuwa ya hasira, meno yamebanwa, macho yakienda kaunta kila mara.

Saa iliwashwa. Walivuka daraja kwa hatua za kuku, mwekundu mbele, bluu nyuma, na jozi pinzani ikaanguka kabla yao. Chumba kikapiga meza. Wifi alicheka kwa mabega.

Fainali walikutana na mabingwa wa mwaka uliopita, mafundi cherehani wawili, mume na mke, waliocheza bila kutazamana. Walikwenda ukingo kwa ukingo. Katika ukingo wa mwisho Pasi aliruka kama inavyotakiwa, akaita, "Shika." Kidole cha wifi kikasahau. Kikabonyeza kushoto. Mwekundu akaruka juu hewani na mwenzake akiwa hewani, wawili wakining'inia kwenye kamba isiyo na mtu wa kuishikilia, na wakashuka pamoja hadi chini kabisa.

Safari hii lilikuwa kosa la wifi, halina shaka, na wote wawili walilijua. Pasi alihisi moto ukipanda, ule ule, kwa njia ile ile. Aliuacha uendelee kupanda. Kisha alisimama, akaichukua pedi ya kijivu mikononi mwa wifi yake, akaenda nayo kaunta.

Alimwambia mwenye ukumbi kwamba mwanamke yule amejifunza pedi upya kwa dakika mbili na nusu mbele za watu, kwa sababu mtu mmoja alijua na akanyamaza. Kwamba mkono wake ulipondwa na mtu wa namna hiyo hiyo, mpole, anayesema fundi ameitwa. Kwamba yeye hapa haji kupoteza muda, muda wake ulikwisha kupotezwa na wengine. Hakutukana. Kila neno aliliweka mahali pake kama taulo juu ya taulo. Alipomaliza, mwenye ukumbi alisema pole, na Pasi akamwambia pole haina skrubu.

Fundi aliichukua pedi akaifungua pale pale kwa bisibisi ndogo. Ndani ya kile kijiti alionyesha utepe mweusi uliosagika, na vumbi lake jeusi likabaki kwenye kidole chake. Alisema dedizoni huficha ugonjwa huu, haiutibu. Dawa ni kubadilisha kijiti. Vijana wa mpira, ambao nao walikuwa wateja wa kila siku, walisema hawachezi tena mpaka vijiti vyote vipimwe. Hilo ndilo mwenye ukumbi alilolisikia. Wiki iliyofuata vijiti vinne vilibadilishwa, na ukurasa wa duara ukaachwa bila namba za siri, kila mtu apime mwenyewe kabla ya kucheza.

Pasi na wifi yake walipewa vyeti vya nafasi ya pili. Wakitembea kurudi, Pasi alitangulia hatua mbili, hasira bado haijui pa kwenda. Mwisho wifi ndiye aliyesema.

"Ile ya mwisho ilikuwa yangu."

"Nimeona," Pasi alisema.

"Na lile neno lako la kilema, wifi, sijalisahau."

Pasi alikiangalia cheti mkononi, kimeshikwa na vidole vinne na kigingi kimoja. Alisema hakutarajia kwamba atalisahau. Wakavuka barabara. Upande wa pili wifi alimuuliza kama Jumamosi Pasi atacheza mwekundu, maana yeye anataka kujaribu wa bluu, na Pasi akasema tutaona, kwa sauti ambayo kwake yeye ilimaanisha ndiyo.